Broka wa Kweli au Mkora? Namna ya Kujibu Meseji za Biashara Ambazo Hukuziomba

Tuseme una miti arobaini ya avokado aina ya Hass pale juu ya Manyatta, Kaunti ya Embu, ukielekea Kianjokoma. Ni Aprili, mavuno yameshika kasi. Unaamka, unashika simu, unakuta meseji tatu kutoka kwa watu usiowajua.

Ya kwanza imetoka kwa jina, si kwa namba. Ni duka la pembejeo lililoko mjini Embu: mbolea imepunguzwa bei hadi Jumamosi, na mwisho kabisa kuna maneno haya, STOP *456*9*5#. Ya pili imetoka kwa namba ya kawaida, na Kiswahili chake kimekatwakatwa: "Habari ya asubuhi. Tunanunua hass manyatta kairuri na kianjokoma. Uko na miti ngapi?" Ya tatu pia ni namba ya kawaida, lakini imeandikwa vizuri kama barua ya ofisi: hongera, umechaguliwa kuwa mkulima wa mkataba wa kampuni inayouza avokado Uholanzi, tuma Sh1,500 za usajili kabla ya saa kumi jioni ili usipoteze nafasi yako.

Wengi wetu tuna njia moja kwa zote tatu. Kuna wanaofuta zote bila kusoma, na kuna wanaojibu zote kwa sababu kunyamaza ni madharau. Mwenye kufuta zote anaweza kupoteza mnunuzi wa msimu mzima. Mwenye kujibu zote, siku moja atajibu mtu mbaya. Makala hii ni ya hiyo meseji ya pili, kwa sababu ndiyo ngumu. Lakini kwanza tuiondoe ile ya kwanza.

Tangazo lenye jina

Meseji inayokuja kwa jina la biashara na ina njia ya kujitoa mwishoni kwa kawaida ni tangazo tu. Ni kero, lakini kwa yenyewe haikuibii. Kama laini yako ni ya Safaricom, piga *456*9*5# kisha ufuate menyu kuzuia matangazo. Usikimbilie kuzima kila kitu. Lile duka la pembejeo huenda likakufaa wakati wa kuweka mbolea, lakini ile kampuni ya kamari hukuwahi kuihitaji. Soma menyu polepole, uzime unachotaka kuzima.

Jambo moja ambalo watu hukosea hapa: maneno "STOP" yana maana kwenye meseji ya tangazo yenye mfumo huo. Ukiyaandika kwa mkora anayetumia namba ya kawaida, hakuna mfumo wowote unaokuondoa. Umemwambia tu kwamba laini hii ina mtu na mtu huyo husoma meseji zake. Huyo unam-bloki, humjibu.

Kwa nini mnunuzi wa kweli hufanana na mkora

Tumezoea kuambiwa kwamba mkora hutambulika kwa maandishi mabaya na namba ngeni. Kwa ground, hali ni tofauti. Broka wa avokado anayezunguka Manyatta na pikipiki hana idara ya mawasiliano. Anatumia laini yake mwenyewe, anaandika haraka, hakumbuki nukta wala herufi kubwa. Namba yako aliipata kwa jirani, kwa dereva wa pikapu, au kwenye kundi la WhatsApp la wakulima. Mkora naye amekaa mahali na muda wote duniani wa kupanga sentensi zake. Kwa hivyo ukiamua kwa sura ya meseji, utamfukuza broka na kumkaribisha tapeli.

Kinachowatenganisha ni kitu kingine: kila mmoja anataka nini kwanza. Anayenunua matunda anataka kuyaona matunda. Atauliza idadi ya miti, umri wake, aina, barabara inafika wapi, kama tayari umemwuzia mtu mwingine. Mkora haulizi chochote kuhusu avokado zako kwa sababu hana haja nazo. Anachotaka ni pesa, PIN, au namba ya siri iliyoingia kwenye simu yako, na anaitaka leo. Angalia tena meseji ya tatu hapo juu. Mtu anayedai kununua matunda yako hajauliza hata kama unayo.

Pale pesa inapoelekea pia panasema mengi. Katika biashara ya kuuza mazao, pesa inatoka kwa mnunuzi inakuja kwako. Kama hatua ya kwanza ni wewe kutuma, iwe inaitwa usajili, ada ya ukaguzi, kreti, mafuta ya lori au "kufungua faili", basi mambo yamegeuzwa. Sh1,500 inaonekana kidogo kando ya mavuno ya miti arobaini, na ndiyo sababu kiasi hicho huchaguliwa. Ni pesa ambayo mtu anaweza kuitoa bila kumwuliza mwenzake nyumbani.

Jibu moja linalofaa kwa wote wawili

Huhitaji kuamua mara moja huyu ni nani. Unachohitaji ni jibu la heshima ambalo mtu mwaminifu atalijibu kwa dakika mbili, na mkora atashindwa. Kwa mfano:

"Habari yako pia. Nina Hass, miti kadhaa. Naomba jina lako, kampuni unayonunulia, na mkulima wa huku uliyenunua kwake msimu uliopita. Ukija kuona shamba tutaongea bei. Hapa malipo ni baada ya kupima, kabla mzigo haujaondoka."

Ona kilichomo na kisichomo. Hujampa jina lako kamili, namba ya kitambulisho, wala mahali hasa nyumba ilipo. Hujamtukana. Umemwambia masharti yako mapema, kwa hivyo hakuna atakayesema baadaye kwamba hukusema. Na umemwomba vitu ambavyo broka halisi anavyo mdomoni.

Sasa tuifuate hadi mwisho. Tuseme broka anajibu: "Sawa mama. Nanunulia kampuni fulani ya Thika, mwaka jana tulikata kwa shule ya Kairuri, mama mwenye nyumba ya mawe. Naweza kuja Alhamisi." Hayo ni majibu ya mtu aliyewahi kufika. Bado hayajathibitishwa. Ukitaka kuyathibitisha, tafuta huyo mama mwenye nyumba ya mawe kwa njia yako mwenyewe, kupitia majirani au chama chenu cha ushirika. Usitumie namba ambayo broka mwenyewe amekutumia. Makonmeni hufanya kazi wawili wawili, na "mteja aliyeridhika" anaweza kuwa ameketi kando yake. Mama akisema, "Ndio, walikata, wakalipa siku hiyo hiyo, lakini wanakataa matunda madogo," umepata habari mbili kwa bei ya simu moja.

Kuhusu kampuni, anayeuza avokado nje ya nchi anatakiwa kutambuliwa na Kurugenzi ya Mazao ya Bustani, ambayo iko chini ya Mamlaka ya Kilimo na Chakula, ile tunayoiita AFA. Broka wa mtaani huenda asiwe na karatasi zake mwenyewe, lakini kampuni anayoinunulia inapaswa kuwa nazo, na afisa wa kilimo wa wadi anaweza kukusaidia kuuliza. Miaka ya karibuni mamlaka hiyo pia imekuwa ikitangaza tarehe za kufunga na kufungua uvunaji wa avokado za kusafirishwa kwa meli, ili matunda machanga yasikatwe. Kwa hivyo mtu akikuandikia wakati uvunaji umefungwa, akisema kontena lake linaondoka Mombasa wiki ijayo na anahitaji kila tunda, una sababu ya kumwuliza maswali zaidi. Hata kama si tapeli wa pesa, anaweza kuwa anataka ukate matunda ambayo hayajakomaa, kisha yakikataliwa hasara ibaki kwako.

Na yule wa tatu, wa Uholanzi? Ukimtumia jibu lile lile, mara nyingi utapata kimoja kati ya mambo mawili. Atanyamaza, au atakupigia na kuongeza presha: nafasi zimebaki mbili, meneja anasubiri, wakulima wenzako tayari wamelipa. Hakuna jina la mkulima wa huku, hakuna siku ya kuja shambani. Ukifika hapo hudaiwi adabu zaidi. Bloki namba. Kama uko Safaricom, itume ile meseji kwa 333, ni bure, ili namba hiyo ichunguzwe.

Kuna wanaouliza, je, jina linalotokea kabla ya kuweka PIN si linatosha? Linasaidia, lakini ujue linasaidia vipi. Likitofautiana na alichokuambia, mfano alisema yeye ni Kamau na skrini inaonyesha jina la mwanamke usiyemjua, simama hapo hapo. Likilingana, limethibitisha tu kwamba laini hiyo imesajiliwa kwa jina hilo. Halijathibitisha kwamba ananunua avokado. Vivyo hivyo kwa namba ya tili au ya Pay Bill: jina zuri kwenye skrini si cheti cha uaminifu.

Diposti "iliyozidi"

Tuingie kwenye mtego ambao huwanasa hata watu waangalifu, kwa sababu pesa inaonekana kuja kwako kwanza.

Mnunuzi anakubali masharti yako yote. Ni mpole, anakuita mama au mzee kwa heshima, haharakishi chochote. Anasema atakutumia diposti ya Sh10,000 ili usimwuzie mwingine. Baada ya dakika chache meseji inaingia: umepokea Sh15,000. Kabla hujamaliza kuisoma anapiga simu, ana wasiwasi: "Mama, nimekosea, nimetuma na pesa ya dereva. Nirudishie tu hiyo elfu tano, kumi ibaki." Wewe ni mtu wa haki. Unamtumia elfu tano. Jioni unaenda kwa ejenti kutoa pesa, salio halitoshi, na unagundua hakuna chochote kilichoingia.

Ile meseji ilikuwa maandishi tu, yaliyoandikwa na mtu kwenye simu yake. Meseji halisi ya M-PESA huingia kwenye mazungumzo yenye jina MPESA, pale pale penye meseji zako zote za zamani za kutuma na kupokea. Ya bandia hukaa peke yake, chini ya namba ya kawaida. Lakini mtu akiwa kwenye pilkapilka za shamba, na kabambe yenye kioo kidogo, huenda asione tofauti hiyo. Kwa hivyo zoea jambo moja: usisome meseji, soma salio. Piga *334#, nenda kwenye akaunti yako, uangalie salio. Kama kabla ya diposti lilikuwa Sh820 na sasa bado ni Sh820, hakuna diposti. Kazi hiyo ni ya dakika moja, na unaweza kumwambia kwa upole, "Ngoja niangalie salio kijana wangu, nitakupigia mimi." Mnunuzi wa kweli atangoja.

Na je, kama pesa imeingia kweli, salio limepanda, na anasema alikosea? Hilo hutokea, na hapa adabu na usalama vinakwenda pamoja. Usirudishe mwenyewe. Mwambie aombe pesa irudishwe kupitia njia rasmi: kwa M-PESA, mtumaji hutuma ile meseji yake ya muamala kwa 456, na Safaricom hushughulikia. Wewe usitoe hiyo pesa, ukiulizwa ukubali irudi. Ukituma kwa mkono wako mwenyewe, halafu yeye pia aombe irudishwe, unaweza kujikuta umelipa mara mbili. Pia pesa hiyo inaweza kuwa imetoka kwa mtu mwingine aliyetapeliwa, na wewe ukatumika kuipitisha. Njia rasmi inaacha alama inayoonyesha ilikotoka na ilikorudi.

Na kitu kimoja zaidi, kwa sababu tunaulizwa kila wiki: kupokea pesa hakuhitaji PIN yako, hakuhitaji namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yako, wala hakuna ada ya kupokea. Namba yako ya simu inatosha. Anayekuomba kitu kingine "ili malipo yapite" hakulipi. Na akijidai anapiga kutoka Safaricom, kumbuka wao wenyewe wametangaza kwamba huwapigia wateja kwa 0722 000 000. Ukiwa na shaka, kata simu, kisha upige wewe.

Kumkatalia muuzaji wa kweli

Si kila mtu usiyemtaka ni mkora. Kuna yule dada wa bima, kijana wa sola, wakala wa ploti za Embu mjini. Wanafanya kazi halali na wanalipwa kwa komisheni, na Manyatta si kubwa: huyo unayemfokea leo unaweza kukutana naye kanisani Jumapili.

Mimi nimesomea uuzaji, kwa hivyo acha niseme siri ndogo ya upande ule. Muuzaji huweka orodha ya watu aliowasiliana nao, na kila jina lina alama. Ukisema "sitaki," unawekewa alama ya kufungwa. Ukisema "nitafikiria" au "nitafute mwisho wa mwezi," unawekwa kwenye foleni ya kupigiwa tena, na kwa kawaida utapigiwa tena mwisho wa mwezi kama ulivyoomba! Wengi husema hivyo kwa kuona haya. Wanaishia kupokea simu tano badala ya moja, na kijana wa watu anapoteza muda na kredo.

Kwa hivyo jibu la heshima zaidi ni lile lililo wazi: "Asante kwa kunitafuta. Sihitaji sola kwa sasa, naomba usinitumie tena. Kazi njema." Kama huduma inakuvutia lakini huna pesa, taja mwezi unaoumaanisha. Wakulima wa majani chai wanaopeleka kiwandani Mungania wanaijua bonasi ya Oktoba, na wauzaji wanaijua pia. Ukisema, "Niandikie Novemba, usipige kabla," umempa kitu anachoweza kukipanga. Na ukikubali kuongea zaidi, mwombe akutumie bei na masharti kwa maandishi. Bei iliyosemwa kwa simu ni rahisi kuikana.

Akiendelea baada ya kuambiwa aache

Hapo sheria iko upande wako. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka biashara iwe na idhini yako kabla ya kutumia taarifa zako kukutangazia bidhaa, isipokuwa pale sheria nyingine inapoiruhusu. Unaweza kuuliza swali hili kwa meseji, bila ukali wowote: "Namba yangu mliitoa wapi? Naomba muifute kwenye orodha yenu." Kampuni makini hushtuka ikisoma hilo, kwa sababu inajua linakoelekea. Weka nakala: piga picha ya skrini ya meseji yao, jibu lako na tarehe, kisha meseji inayofuata waliyotuma baada ya kuambiwa waache. Ile ya mwisho ndiyo yenye uzito zaidi.

Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kupitia tovuti yake, odpc.go.ke, na sheria inasema lalamiko lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Si jambo la karatasi tu. Septemba 2023 ofisi hiyo iliipiga faini ya Sh2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo ya simu KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na namba za watu zilizotoka kwa wengine kuwatumia meseji za vitisho na kuwapigia simu. Baadhi ya waliosumbuliwa hawakuwa wamekopa chochote. Namba zao zilikuwa tu kwenye simu ya aliyekopa.

Njia hii ina mpaka wake. Kamishna anahitaji mtu wa kumwita, yaani biashara yenye jina. Mkora wa Uholanzi, mwenye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, hatapatikana hivyo; yeye peleka 333, na kama tayari umemtumia pesa, piga simu kwa huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyo hiyo kabla hajaitoa, kisha uandikishe ripoti polisi na upewe namba ya OB. Na wakati ukishughulikia hayo, piga *106# kwenye laini yako ya Safaricom uone ni namba gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, iripoti, kwa sababu inawezekana kuna mkulima mwingine mahali fulani anayepokea meseji za hongera kutoka kwa laini yenye jina lako.